Deni Dogo au Deni Ghali: Lipi Lipigwe Kwanza?

Msikilizaji, mtu mwenye madeni kadhaa akipata visenti vya ziada kila mwishoni mwa mwezi, hushauriwa mambo mawili yanayopingana. Mmoja atamwambia aanze na deni dogo kuliko yote, alimalize, kisha pesa alizokuwa akililipia azielekeze kwenye dogo linalofuata. Mwingine atamwambia asitazame ukubwa hata kidogo: deni lenye riba kubwa ndilo lipigwe kwanza. Wote wawili wanakubali kwamba madeni mengine yaendelee kupata kile kiwango cha chini kinachodaiwa kila mwezi. Wanachogombania ni ile ziada tu. Mabishano yao huendeshwa kana kwamba ni suala la tabia ya mtu, eti mwenye moyo mwepesi aanze na dogo na mwenye nidhamu aanze na ghali. Mimi naona tumekosea mahali pa kutafuta jibu. Jibu limo kwenye masalio yenyewe, na masalio hayo hayasemi jambo moja kwa kila mtu.

Tuchukue mfanyakazi wa mshahara jijini Nairobi, wa mfano tu, lakini mwenye madeni ambayo wengi wetu tunayafahamu. Anadaiwa shilingi 30,000 na sako ya kazini, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio lililobaki. Anadaiwa 120,000 kwenye kadi ya mkopo inayotoza asilimia 3 kwa mwezi, na 200,000 za mkopo wa benki kwa asilimia 1.4 kwa mwezi. Jumla ni 350,000. Kila mwezi analazimika kutoa 3,000 za sako, 6,000 za kadi na 9,000 za benki, yaani 18,000. Yeye amejipangia kutoa 25,000, na hatapunguza hata kiwango cha chini cha kadi kikishuka. Kwa hiyo anazo 7,000 za kuamua zielekee wapi.

Kabla hatujafika huko, tuondoe deni moja ambalo halina mjadala. Huyu mtu pia ana mkopo wa simu wa shilingi 6,000. Mikopo mingi ya aina hii hutoza ada badala ya riba ya mwaka. M-Shwari, kwa mfano, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30, na asiyelipa kwa wakati alitozwa tena kwa siku 30 nyingine. Kwa kiwango hicho 6,000 inadai ada ya 450, na mtu akizungusha mkopo kama huo mwaka mzima atakuwa amelipa asilimia 90. Deni hili ni dogo kuliko yote na pia ni ghali kuliko yote. Kambi zote mbili zinasema lilipwe leo, na ile ziada ya mwezi wa kwanza inatosha kulizima. Katika madeni ya kwetu hili hutokea mara nyingi, na linapotokea hakuna cha kubishania.

Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana. Akianza na dogo, ziada inakwenda sako. Mwezi wa nne sako imekwisha, mwezi wa kumi na mbili kadi imekwisha, na mwezi wa kumi na saba benki inafungwa. Riba yote aliyolipa ni kama 58,700. Akianza na ghali, ziada inakwenda kadi. Anasubiri hadi mwezi wa kumi na moja bila kufunga deni hata moja, kisha kadi na sako zinakwisha kwa pamoja, na benki inafungwa mwezi uleule wa kumi na saba. Riba yote ni kama 55,700. Tofauti ni karibu shilingi 3,000 katika miezi kumi na saba. Anayeshikilia kwamba kuanza na dogo ni kutupa pesa hana ushahidi wa kutosha hapa. Shilingi 3,000 ni pesa, lakini si pesa ya kumwita mtu mpumbavu.

Sasa tubadilishe kitu kimoja. Jumla ibaki 350,000, riba zibaki zilezile, malipo yabaki 25,000 kwa mwezi, ila masalio ya kadi na benki yabadilishane nafasi: kadi iwe na 200,000 na benki 120,000. Viwango vya chini navyo vifuate, kadi 10,000 na benki 5,000, ili ziada ibaki 7,000. Akianza na dogo atamaliza sako, ahamie benki, na kadi aiache ya mwisho. Angalia kinachotokea kwenye kadi wakati inasubiri. Mwezi wa kwanza inazaa riba ya 6,000, kwa hiyo katika zile 10,000 alizolipa ni 4,000 tu zinazopunguza deni. Miezi kumi baadaye, akiwa amekwisha kuiwekea 100,000, kadi bado inadai zaidi ya 154,000. Anamaliza mwezi wa kumi na nane akiwa amelipa riba ya kama 88,300. Kwa njia ya riba angemaliza mwezi wa kumi na saba kwa riba ya kama 72,400. Tofauti imeruka kutoka 3,000 hadi karibu 15,800, na mtu ni yuleyule, mshahara uleule, jumla ya deni ileile.

Ndiyo maana nakataa ushauri unaotolewa kabla ya kuuliza masalio. Kinachofanya kuanza na dogo kuwe ghali ni kuwa na deni la riba kubwa ambalo pia lina salio kubwa, kwa sababu hilo ndilo litakalowekwa nyuma ya foleni kwa muda mrefu zaidi. Kadi ikiwa ya pili kwenye foleni, hasara ni ndogo. Ikiwa ya mwisho, hasara ni kubwa. Huhitaji kompyuta kuliona hili: panga madeni yako kwa ukubwa, kisha yapange upya kwa riba, utazame deni lenye riba kubwa limehama nafasi ngapi.

Watetezi wa kuanza na dogo wana hoja nzito, na ni haki isikilizwe. Wanasema mtu hashindwi na hesabu, hushindwa na uchovu, na kulifunga deni moja humpa nguvu ya kuendelea. Ushahidi upo. Mwaka 2012 David Gal na Blakeley McShane walichapisha utafiti wa kumbukumbu za Wamarekani waliojiunga na mpango wa kumaliza madeni, wakakuta kwamba waliofunga sehemu kubwa zaidi ya akaunti zao walielekea zaidi kumaliza madeni yote, bila kujali akaunti hizo zilikuwa na kiasi gani. Utafiti huo haukuwagawa watu kwa makundi na kuwaamuru njia ya kufuata, kwa hiyo huenda wenye bidii ndio waliofunga akaunti mapema na ndio hao hao waliomaliza. Hata hivyo siupuuzi. Miezi kumi ya kulipa bila kuona jina hata moja likifutwa ni mirefu, na mpango ulioachwa mwezi wa sita hauokoi riba yoyote.

Ila hoja hii inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Inathibitisha faida ya kufunga deni mapema. Haithibitishi kwamba kila deni linalofuata lazima lichaguliwe kwa udogo. Rudi kwa mtu wetu mwenye kadi ya 200,000. Mwache aelekeze ziada kwenye sako, aifunge mwezi wa nne, apate huo ushindi, kisha badala ya kwenda benki aigeukie kadi kwa nguvu zote. Riba yake yote inafika kama 75,600. Ukilinganisha na njia ya riba tupu, ushindi ule wa mwezi wa nne umemgharimu karibu 3,150. Zile 12,700 zilizobaki katika hasara ya 15,800 hazikununua moyo wowote wa mwanzo. Zilitokana na kuifuata kanuni ya udogo hadi mwisho, hata pale ilipomwambia aache deni la asilimia 3 akalipe la asilimia 1.4. Mimi ningemruhusu kununua huo ushindi wa kwanza. Wa pili nisingemruhusu kwa bei hiyo.

Kuna faida nyingine ya kufunga dogo isiyohusu moyo, nayo watetezi wa riba huipita haraka mno. Sako ikiisha, zile 3,000 za lazima haziko tena. Mwezi mtoto akilazwa, mwenye kudaiwa 15,000 za lazima ana nafasi ya kupumua kuliko mwenye kudaiwa 18,000, na wadhamini wake wa sako wameachiliwa. Kwa mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka, kama fundi au mwenye biashara ndogo, hoja hii ina uzito kuliko ile ya motisha, na inaweza kuhalalisha kutangulia kwa sako. Lakini haihalalishi kuweka kadi ya mwisho: kadi ya 200,000 ikiisha ndiyo inayoachia malipo makubwa zaidi kuliko mengine yote. Hesabu hizi pia zinaanguka zote iwapo kadi inaendelea kutumiwa sokoni huku ikilipwa.

Linabaki jambo moja linaloweza kuharibu foleni ya riba hata kwa mtu makini, nalo ni namba ya riba yenyewe. Mkopo wa 100,000 ulioandikwa asilimia 12, ambao riba yake inapigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho wa mwaka, kwa kweli unagharimu zaidi ya asilimia 21 ukilinganishwa na ule unaotoza salio lililobaki. Wengi wakisikia hivyo huukimbiza mbele ya foleni. Uliza kwanza: nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki itafutwa? Ukiambiwa kwamba utailipa vilevile, mkopo huo uende nyuma kabisa, kwa kuwa shilingi ya ziada unayoupa haikuokolei chochote. Kinachopanga foleni ni riba ambayo malipo ya leo yatazuia isitozwe, hata kama karatasini kuna namba kubwa zaidi. Swali la pili liulizwe benki: ziada hii inapunguza deni la msingi leo, au inakaa kwenye akaunti ikisubiri kukatwa kama awamu za kawaida? Usitosheke na jibu la mdomo. Lipa mwezi mmoja, kisha omba taarifa ya mkopo na usome safu mbili, ya riba na ya salio. Ziada ikiwa imefika mahali pake, riba ya mwezi wa pili itakuwa imeshuka kwa asilimia 1.4 ya ile ziada uliyotoa, pamoja na kushuka kwake kwa kawaida. Ikiwa imeshuka kwa kile cha kawaida tu, pesa yako imeegeshwa, na ni lazima uandike barua kuagiza ipunguze deni.