Mpishi Akijibu "Sawa"

Mada iliyowasilishwa kwa makatibu na waweka hazina wa vyama vya Pipeline, Embakasi

Wenzangu, nianze na simu yangu. Humo kuna mazungumzo ya WhatsApp ambayo sijayafuta mpaka leo. Mimi nimeandika: "Mama, tunathibitisha chakula cha Jumamosi. Watu 120, pilau, chapati, kuku, kachumbari, saa saba." Jibu ni neno moja, "Sawa", na kidole gumba chini yake.

Siku ya sherehe chakula kilifika saa tisa kasoro. Kuku waliisha foleni ikiwa bado na watu thelathini na kitu, akiwemo mzee aliyekuja kutuombea. Nikafungua simu kwa hasira ili nimwoneshe mpishi alichokubali, na hapo ndipo nilipokwama. Hakuwa amevunja neno hata moja. Saa saba, kwake, ilikuwa saa ya kuondoka na chakula. Watu 120 zilikuwa sahani 120, nazo zilipakuliwa zote, ila vijana wetu waliokuwa wakipakua waliwapa rafiki zao mara ya pili. Kuku nao walikuwepo, kumi, kila mmoja amekatwa vipande kumi na viwili. Hesabu inatimia: vipande 120, vidogo vidogo.

Kabla sijawa katibu niliwahi kuosha sufuria za mpishi mmoja wa sherehe hapa Embakasi, kwa hiyo najua "sawa" hutoka wapi. Mpishi hupokea ujumbe akiwa sokoni au mbele ya jiko. Anaogopa kwamba akiuliza maswali mengi mteja atamhamia mwingine. Pengine siku hiyo ana kazi mbili, na bado hajajua ni ipi itakayolipa dipositi kwanza. Hata sufuria kubwa huenda anazikodi. Neno "sawa" linamwachia milango yote wazi. Hadanganyi, ila hajafunga chochote.

Ndiyo maana siku hizi simwandikii mpishi "naomba uthibitishe". Namwandikia makubaliano yenye mapengo, na kila pengo linahitaji jibu ambalo yeye peke yake analo: idadi ya kuku, saa ya kuwasha jiko, siku ya mwisho ya kubadilisha idadi ya watu. Ujumbe wenye mapengo haujibiki kwa "sawa". Ama ajaze, ama apige simu tuzungumze, halafu aandike tulichosikilizana.

Huu hapa ndio tulioutuma mwaka uliofuata:

"Habari ya asubuhi, Mama. Hii ni oda yetu ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024. Watu ni 120, wakiwemo watoto 25. Bei ni shilingi 600 kwa sahani, jumla 72,000. Sahani ni pilau ya ng'ombe, chapati moja, kipande kimoja cha kuku, kabeji na kachumbari. Tafadhali jaza: kilo za mchele ___, kilo za nyama ya pilau ___, idadi ya kuku ___ na kila kuku vipande ___, idadi ya chapati ___. Utawasha jiko saa ___ na chakula kitakuwa mezani, tayari kupakuliwa, saa ___. Wahudumu wako wa kupakua ni ___. Siku ya mwisho ya kubadilisha idadi ya watu ni ___. Maji ya kupikia na kuosha vyombo yataletwa na ___. Nambari ya kupokea malipo ni ___ na jina litakaloonekana ni ___. Dipositi tutatuma baada ya jibu lako."

Pengo la vipimo nilisita kuliweka, nikidhani mpishi ataliona kama dharau. Lakini hapo ndipo pesa hujificha. Pilau ikiwa ndiyo chakula kikuu, mtu mzima hula kama gramu 100 za mchele mbichi. Pakiwa na chapati, kilo 11 au 12 zinawatosha watu 120. Mpishi akiandika kilo 7, usigombane. Muulize tu pilau itafika meza ya ngapi. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa ngano hutoa chapati kama ishirini za saizi ya kawaida, kwa hiyo chapati 120 ni pakiti sita, na mwenye busara huongeza ya saba kwa zinazoungua na zinazoliwa jikoni. Kuku ndiye kipimo kizuri kuliko vyote. Akikatwa vipande vinane, watu 120 wanahitaji kuku 15. Akikatwa kumi na viwili, ni kuku 10. Kuku watano ndio tofauti ya mgeni kushiba na mgeni kunung'unika, na katika neno "kuku" tofauti hiyo haionekani.

Watoto watajwe peke yao. Wapishi wengi hukubali watoto wawili wahesabiwe sahani moja, mradi waambiwe mapema. Ukinyamaza utalipa sahani 120 nzima, au mpishi atakata idadi kwa kukisia.

Kuhusu saa, usiandike tarakimu tupu. Hapa Nairobi mmoja akiandika "7" anamaanisha saa saba mchana, mwingine anasoma saa moja jioni kwa saa za ofisini, na wote wawili ni majirani. Andika saa saba mchana, kisha 13:00 pembeni. Zaidi ya hapo, taja tukio: kufika, kuwasha jiko, kuweka mezani. Mpishi atakayepika pilau ya watu 120 papo hapo na kuiweka mezani saa saba anapaswa kuwa amewasha jiko si baada ya saa tatu asubuhi. Akijaza "saa tano", jua kwamba chakula kinapikwa kwingine na kitaletwa. Si kosa, lakini ni mpango mwingine, na una maswali yake. Chakula kilichoiva kikikaa zaidi ya saa mbili bila moto wa kukishika juu ya nyuzi 60 hivi huanza kuwa hatari, hasa kuku na wali. Muulize kitafungwa katika nini na kitapashwa na nini. Stima ya ploti si jibu la kutegemea.

Pipeline ina mambo yake ambayo mpishi wa mtaa mwingine hatayafikiria. Anwani "karibu na Taj" haimfikishi mtu. Jengo lile lilibomolewa mwaka 2018, jina limebaki kwenye steji, na kutoka hapo kuna vichochoro vinavyofanana kama mapacha. Siku ya Jumamosi wauza mboga na mikokoteni hujaza njia, na gari la vyombo huenda lisifike langoni. Kwa hiyo andikeni gari litasimama wapi na nani atalipa mkokoteni kutoka hapo. Kama sherehe ni juu ya paa, andikeni ghorofa ya ngapi, kwamba hakuna lifti, na kwamba msimamizi wa ploti amekubali gesi iwashwe juu. Sisi tulikodi uwanja wa shule ya kibinafsi, lakini bomba lake hutoa maji siku linapopenda. Kupika, kunawa na kuosha vyombo vya watu 120 kunataka mitungi kama kumi na mitano ya lita ishirini, na bei ya mtungi hupanda mifereji ikikauka. Mstari huo wa maji ndio uliowahi kuzua ugomvi mkubwa kuliko wa nyama.

Sasa malipo. Sisi hulipa kwa awamu tatu: nusu baada ya jibu lililojazwa, asilimia 30 siku tatu kabla, wakati mpishi anaenda kununua nyama na mboga, na asilimia 20 wageni wakishakula. Wapo wapishi wasiokubali kubakiza kitu, na wana sababu: wamewahi kuachwa na deni kamati ikiwa imeshatawanyika. Ukikutana na huyo, bakiza kidogo, asilimia 10, uandike saa ya kuilipa na jina la atakayelipa. Kinachonitia shaka ni yule anayetaka zote mwezi mmoja kabla. Pesa za mapema namna hiyo mara nyingi hupika sherehe ya mtu mwingine.

M-Pesa hukupa msimbo, tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Haisemi pesa ni za nini. Dakika ileile uliyotuma, mwandikie mpishi, kama sisi baada ya kusikilizana bei mpya: "Nimetuma 37,500, ni dipositi ya chakula cha tarehe 14 Desemba", naye ajibu kwamba amepokea kwa kazi hiyo. Akitaka utumie nambari nyingine dakika ya mwisho, piga simu usikie sauti yake kwanza. Andikeni pia sherehe ikiahirishwa itakuwaje. Msiba hauna taarifa. Tuliona ni haki dipositi ihamie tarehe mpya tukiahirisha siku saba kabla au zaidi, na chini ya hapo akate alichokwisha kununua, akionesha risiti.

Kuna anayeuliza kama ujumbe wa simu unafaa mahakamani. Makubaliano ya mdomo nayo yana nguvu kisheria Kenya, shida ni kuyathibitisha. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika, ila huambatana na cheti kinachoeleza ulivyotolewa kwenye simu. Basi usitegemee picha ya skrini uliyotumiwa na mtu mwingine. Tunza simu yenyewe na mazungumzo yote, pamoja na yale yasiyokupendeza.

Turudi kwa yule mpishi wetu wa Desemba. Alikaa na ujumbe siku mbili bila kujibu, na mwenyekiti akaanza kusema nimemtisha. Siku ya tatu akapiga simu. Kwa shilingi 600, alisema, yeye huhesabu kuku 10. Nikamwambia tunataka 15, vipande vinane kila mmoja. Akataka 650. Tukabishana kama watu wa sokoni na kutua kwenye 625, jumla 75,000: tungetuma 37,500, kisha 22,500, na kumalizia 15,000. Maji juu yetu, wahudumu wanne juu yake, mwisho wa kubadilisha idadi Jumatatu ya wiki ya sherehe. Jioni hiyo aliandika yote mwenyewe, pengo kwa pengo.

Chini akaongeza mstari ambao mimi sikuufikiria: "Sufuria ni sita na miiko minne. Mtahesabu nami kabla gari halijaondoka. Mwaka jana niliacha sufuria moja hapo kwenu Pipeline mpaka leo."