Hotuba ya Meya kwa Wageni wa Ternate: Namna ya Kuifasiri ili Isikike

Mada kwa semina ya wafasiri na wakalimani

Hotuba ya kukaribisha wageni ni fupi, na ufupi wake ndio unaotuponza. Mfasiri huiona ni kurasa mbili za salamu na shukrani, akaiweka hadi usiku wa mwisho. Leo nataka tuichambue hotuba moja tu ya aina hiyo, inayotoka Kiswahili kwenda Kiindonesia, ambayo itasomwa kwa sauti mbele ya watu. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya semina hii. Tuseme ni Meya wa Zanzibar anayewapokea wageni kutoka mji wa Ternate, katika visiwa vya Maluku, wakiongozwa na meya wao. Nimewachagua Ternate kwa sababu karafuu asili yake ni visiwa hivyo vya Maluku ya kaskazini, na hakuna meya wa Zanzibar atakayewapokea watu wa huko asizitaje karafuu.

Hotuba yenyewe, kwa kuipunguza, inasema hivi:

"Assalaam aleikum. Mstahiki Meya wa Ternate, Mheshimiwa Balozi, wageni wetu wapendwa, poleni na safari na karibuni sana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi leo tumepona. Mji wetu unanukia karafuu. Lakini miche iliyoletwa na wafanyabiashara waliopitia kisiwa cha Morisi, ambayo ndiyo mama wa mikarafuu yetu, asili yake ni kwenu. Urafiki wetu ni wa zamani kuliko sisi. Kesho tutatembelea soko letu. Na leo, saa saba mchana, karibuni chakula."

Kabla hujaandika neno moja la Kiindonesia, chukua kalamu upigie mstari kila penye "sisi", "-etu" na kiambishi "tu-". Kiindonesia kina "sisi" mbili. "Kita" ni sisi pamoja na wewe unayenisikiliza. "Kami" ni sisi bila wewe. Kiswahili hakitulazimishi kuchagua, kwa hiyo meya hakuchagua, na aliyemwandikia hotuba hakuchagua. Anayelazimika kuchagua ni mfasiri, na kila mara atakapochagua atakuwa anasema jambo ambalo meya hakulisema.

Mahali pengine ni rahisi. "Mji wetu" ni "kota kami", kwa sababu mji si wa wageni. "Nasi leo tumepona" ni kami, maana waliopona ni wenyeji. "Urafiki wetu" ni "persahabatan kita". Ukisema "persahabatan kami" umewatoa wageni katika urafiki uliowaita kuusherehekea, nao watakaa wakijiuliza wenyeji wanafanya urafiki na nani. Lakini angalia "kesho tutatembelea soko letu". Soko ni la wenyeji, kwa hiyo "pasar kami". Je, "tutatembelea"? Ikiwa meya atafuatana nao, ni kita. Ikiwa mkalimani atasema kami, wageni wataelewa kwamba wenyeji wanakwenda sokoni wao wenyewe na wageni wabaki hotelini. Na ikiwa meya hatakwenda ila atamtuma mtu, basi hata kita ni ahadi ambayo haitatimizwa. Jibu hulipati kwenye kamusi. Unalipata kwa afisa itifaki, kwa kumpigia simu na kumuuliza: kesho sokoni nani anakwenda?

Penye uzito zaidi ni "mikarafuu yetu". Inaelekea kuwa kami, na kwa mashamba ni kweli. Lakini wanaosikiliza wametoka Ternate. Huko, katika karne ya 17, Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki waliing'oa mikarafuu ili zao hilo lilimwe Ambon peke yake, mahali walipoweza kulilinda. Ternate ulikuwapo mkarafuu mkongwe ulioitwa Afo ambao watu wanasimulia kwamba ulinusurika. Mnamo mwaka 1770 Wafaransa walifanikiwa kuichukua miche kutoka Maluku na kuipeleka Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Mtu wa Ternate akisikia mwenyeji wa Zanzibar akisema "cengkih kami", karafuu zetu ninyi hamumo, hatakasirika, ila kitu kitamgusa. Mimi napendekeza "pohon cengkih di kebun kami" kwa miti, yaani mikarafuu iliyo katika mashamba yetu, halafu baadaye, mara moja tu, "cengkih kita". Hiyo mara moja itasikika ukumbini. Lakini meya aambiwe mapema kwamba neno hilo litasemwa kwa jina lake, naye akubali.

Sasa tuje kwenye sentensi ileile ya miche, kwani ina tatizo jingine la masikio. Kwa Kiswahili haina shida: "iliyoletwa", "waliopitia", "ambayo". Ngeli inamshika msikilizaji mkono. Akisikia "wali-" anajua ni wafanyabiashara, akisikia "ambayo" anarudi kwenye miche. Kiindonesia hakina ngeli. Virejeshi vyote hivyo vinakuwa neno moja, "yang". Ukifasiri kwa uaminifu wa karatasi utapata yang, yang, yang katika pumzi moja, na msikilizaji hatajua mama wa mikarafuu ni miche au ni wafanyabiashara. Anayesoma kitabu anaweza kurudi nyuma. Aliyekaa kwenye kiti ukumbini hawezi. Kwa hiyo vunja. Miche ilipita Morisi. Wafanyabiashara waliileta hapa. Miche hiyo ndiyo mama wa mikarafuu iliyo katika mashamba yetu. Asili yake Ternate. Sentensi nne, na nomino inarudiwa bila haya. Kwenye maandishi ningemkosoa mwanafunzi kwa kurudiarudia namna hii. Kwa hotuba ninampa alama zote.

Vyeo. "Mstahiki Meya" ni mtego mtamu, kwa sababu Kiindonesia nacho kimekopa neno hilo kwa Waarabu. Huko "mustahik" ni mtu anayestahiki kupewa zaka. Mkalimani anayetaka kuonyesha kwamba lugha hizi mbili ni ndugu, akaliacha kama lilivyo, atakuwa amemweka mgeni wa heshima katika foleni ya mafukara. Sema "Yang terhormat Bapak Wali Kota Ternate", au "Ibu" badala ya "Bapak" akiwa mwanamke. Kwa balozi ni "Yang Mulia". Jihadhari pia na "wakil": kwao "wakil wali kota" ni naibu meya, wala si wakili wa kwenda mahakamani. Na usimwite mgeni "Anda" kwa sababu tu kamusi imekwambia kwamba ni "wewe" ya heshima. Mbele ya mtu mwenye cheo neno hilo ni baridi. Bapak na Ibu ndiyo hutumika hata pale sisi tungesema "ninyi". Majina nayo yaulizwe mapema. Waindonesia wengi hawana jina la ukoo, na wengine wana jina moja tu, kama alivyokuwa Soekarno, kwa hiyo kukata jina la kwanza na kubakiza la mwisho kwaweza kumwita mtu jina asiloitwa na yeyote.

"Poleni na safari" haina mwenzake. Nimewasikia wanafunzi wakiigeuza kuwa "maaf", yaani samahani, kana kwamba ndege ilichelewa kwa kosa la manispaa. Mbaya zaidi ni "turut berduka", ambayo ni rambirambi. Washukuruni tu kwa kuja kutoka mbali: "terima kasih telah datang dari jauh". "Karibuni" ya mwanzo ni "selamat datang", lakini "karibuni chakula" si hiyo; hapo ni "silakan", neno la kumruhusu na kumwalika mtu afanye jambo. Na methali yetu, ukiifasiri neno kwa neno kwa "sembuh", wageni watadhani meya alikuwa kitandani wiki nzima. "Kedatangan tamu membawa berkah bagi tuan rumah" inatosha: kuja kwa mgeni kuna baraka kwa mwenye nyumba. Haina mapigo ya methali, nakubali.

Salamu ya kwanza mkalimani asiirudie. Meya akisema "Assalaam aleikum", Waislamu wote ukumbini, wa pande zote mbili, wameshaitikia; ukiisema tena unawaitikisha mara ya pili. Wewe ingia na "salam sejahtera bagi kita semua", ambayo kwao ndiyo inayowachukua na wasio Waislamu.

Mara nyingi meya atataka kusema mwenyewe sentensi moja ya Kiindonesia. Mpe, ila mwandikie kwa herufi zetu. Anachohitaji si kingi. Herufi "c" yao ni "ch" yetu, kwa hiyo "cengkih" ianze kama chai. "Ng" yao ni "ng'" ya ng'ombe. Ile ya ngoma wao huiandika "ngg". Ile "e" ya kwanza katika "selamat" inamezwa, karibu "slamat". Mkazo kwa kawaida uko pale tulipouzoea, silabi ya pili kutoka mwisho. Shida ni mwisho wa neno, kwa sababu ulimi wetu hauridhiki na konsonanti na huongeza irabu. "Selamat datang" ikawa "selamati datangi". Kwa bahati mbaya hayo si makosa matupu, yana maana: kiambishi "-i" huko huunda kitenzi, na wageni watakuwa wamesikia kitu kama "wapongezeni, waendeeni". Andika "selamat | datang'", weka mstari wima penye kituo, na umfanyishe mazoezi kwa sauti hadi irabu ile itoke. Kuitamka kimoyomoyo hakusaidii.

Kuna wanaoshauri kumalizia kwa pantuni, shairi la mistari minne ambalo wasemaji wa Kiindonesia hupenda kufungia hotuba. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2020 kwa maombi ya pamoja ya Indonesia na Malaysia. Ikitungwa na Mwindonesia, vizuri sana. Kuifasiri tarbia yetu ili iwe pantuni, hapana: mistari miwili ya mwanzo ya pantuni ni ya kuandaa vina na taswira tu, maana huja katika miwili ya mwisho, na tarbia haikujengwa hivyo.

Imebaki sentensi ya mwisho ya hotuba, ambayo kila mtu huiona nyepesi kwa kuwa ni ya chakula. "Saa saba mchana" kwa Kiindonesia ni "pukul satu siang", saa moja. Wao huhesabu kuanzia katikati ya usiku na adhuhuri. Sisi tunaanza na macheo na machweo. Mkalimani aliyechoka, baada ya kuvuka kami na kita salama, husema "pukul tujuh" kwa sababu sikio limesikia saba, na huo ndio wakati wao wa kifungua kinywa au wa chakula cha usiku. Kwenye karatasi ya kusomea tarakimu hiyo iwe imeshageuzwa na kuandikwa kwa maneno, tena kwa herufi kubwa, na ratiba waliyopewa wageni iseme saa hiyohiyo.