Nguo ya foto ya kazi
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Kindu)

Leo tunazungumza juu ya foto ile tunatia kwenye dosie ya kazi. Wengi wetu tulirudia hapa Kindu na nguo chache, na pesa ya studio haipatikane kila mara. Ukuta mtupu na telefone ya rafiki vinatosha, lakini nguo inaweza kuharibu yote.

Tuanze na shimizi nyeupe, juu kila mtu anaikimbilia. Mbele ya ukuta wa chokaa inapotea: mabega hayaonekane, kichwa kinabaki sawa vile kinaelea. Tena telefone inapima mwanga wa foto yote. Ikikuta weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wetu mweusi unazama gizani. Mtu wa ofisi anaona shimizi, mwenye shimizi hamuone.

Tulijaribu na dada yetu mmoja muuguzi. Alileta nguo tatu: bluzi nyeupe, kitenge cha maua makubwa, na bluzi ya bulu nzito. Tulizitundika ukutani, tukarudi nyuma hatua tano, tukafinya macho. Nyeupe ikafutika. Kitenge ndicho tuliona peke yake (kizuri kweli, lakini si kitenge kinachotafuta kazi). Bulu ikasimama bila makelele, akavaa ile.

Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, kwenye kivuli cha nyumba. Saa sita jua la huku liko juu ya kichwa, linatia giza ndani ya macho. Alisimama mita moja mbele ya ukuta ili kivuli chake kisishike nyuma, na telefone ikakaa mita mbili, juu ukiikaribisha sana pua inakuwa kubwa. Tukagusa uso wake kwenye kioo, alama ya jua ikatokea, tukaipandisha kidogo. Ukuta ulizidi kuwa mweupe, haidhuru; macho yalionekana.

Kijani nzito ao rangi ya divai nayo ni nzuri. Nyekundu kali inarudisha wekundu chini ya kidevu, na mistari myembamba inachezacheza kwenye kioo. Mwenye ana nyeupe tu, asimame mbele ya ukuta wa udongo, pale itaonekana. Ukuta wa rangi mbili tuuache, juu mstari wake unakata shingo.

Na zile jile zenye alama ya shirika tulilofanyia kazi zamani zibaki nyumbani. Anayesoma dosie atafikiri ungali huko, kisha atauliza kule.

Vesti moja ya bulu nzito iko kwa mama mweka hazina. Mwenye hana aiombe, airudishe imefuliwa.