Kundi la Kazini Lisikukoseshe Usingizi Wala Wenzako

Haya ni maneno ya mazungumzo kati ya ofisi ya mawasiliano ya kaunti na wafanyakazi wa zahanati na ofisi za wadi. Tumeyachapisha kwa sababu wakazi wengi nao wamo katika makundi ya aina hii: ya walimu, ya vyama vya ushirika, ya mahoteli na ya maduka.



Nimeombwa nizungumze kuhusu kundi la WhatsApp la kazini, hasa lile lisilolala. Asubuhi ni salamu na picha za maua. Mchana ni video zilizosambazwa. Ikifika saa tatu usiku mtu anarusha kijembe, na hadi saa sita watu wazima wanarushiana maneno ambayo hawangethubutu kuambiana wakiwa wameketi meza moja. Wengi wenu mliniuliza swali moja: nitajitoaje katika kelele hizi bila kuonekana najidai, au kuachwa nje ya mambo ya wenzangu?

Tuanze na kile mtu anachonuniwa kwa ajili yake. Ukilitazama kundi la kazini kwa makini, utaona limebeba mizigo minne kwa pamoja. Kuna maagizo ya kazi, kama ratiba ya zamu na mikutano. Kuna mambo ya utu: fulani amefiwa, fulani amejifungua, mchango unakusanywa kupitia M-Pesa. Kuna porojo. Na kuna magomvi. Hakuna anayekumbuka nani hakucheka video ya Jumanne, lakini kila mtu anakumbuka nani hakusema pole mama wa mwenzake alipofariki. Kwa hiyo anayetaka kunyamaza bila kutengwa ahakikishe anafika mapema katika ile mizigo miwili ya kwanza. Toa pole siku hiyo hiyo, toa mchango wako hata kama ni mdogo, na ukiweza mpigie mfiwa simu. Ukijulikana kuwa mtu wa msibani na mtu wa kazi, ukimya wako katika porojo hautamuudhi mtu.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe. Wengi hufikiria kubonyeza kitufe cha kuondoka. Tangu mwaka 2022 ukiondoka katika kundi la WhatsApp tangazo halionekani na kila mtu, bali wasimamizi wa kundi ndio hujulishwa. Hata hivyo, wanakundi wanaweza kuona orodha ya walioondoka katika siku 60 zilizopita, kwa hiyo habari itafika tu. Na kundi la kazini ukilitoka unakosa ratiba, kisha unalaumiwa.

Badala ya kuondoka, fanya mambo mawili. Kwanza, fungua kundi, bonyeza jina lake juu, nenda kwenye Mute notifications na uchague Always. Hakuna anayejulishwa kwamba umenyamazisha. Pili, rudi kwenye orodha ya mazungumzo, bonyeza jina la kundi kwa muda kidogo, kisha Archive. Kundi litaondoka machoni pako na halitarudi juu kila mtu anapoandika. Lakini kumbuka: mtu akikutaja kwa alama ya @ au akijibu ujumbe wako, simu inaweza kulia hata baada ya hatua hizo. Ndiyo sababu usiku ni vyema kuwasha pia Do Not Disturb katika mipangilio ya simu, na kuruhusu simu za watu wachache tu zipite: wa nyumbani na mkuu wako wa kazi.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui, nalo huleta mashaka. Unaweza kuzima zile tiki za buluu katika mazungumzo ya watu wawili, lakini katika kundi huwezi. Aliyeandika ujumbe akiubonyeza na kuingia Info, anaona orodha ya waliousoma. Maana yake ni kwamba ukifungua kundi saa tano usiku kuchungulia tu, wagomvi wote wawili wanaweza kujua ulikuwepo ukatazama. Kesho kila mmoja atakuuliza mbona hukumtetea. Usipofungua, utaonekana umepokea ujumbe lakini hujausoma, na hilo halina lawama kwa sababu wanaolala ni wengi. Tahadhari pia na emoji. Kidole gumba juu ya kijembe ni kura, na jina lako linaonekana chini yake.

Wengine mtasema: mkuu akibadilisha zamu usiku, nami nimenyamazisha simu, je? Hapo ndipo wengi hukosea. Wananyamazisha simu bila kumwambia mtu, wanakosa zamu, kisha ukimya wao unaitwa uzembe. Zungumza na mkuu kwanza, uso kwa uso, kwa maneno ya kawaida: "Mkuu, baada ya saa tatu usiku huwa sisomi kundi. Kukiwa na mabadiliko ya zamu au dharura, tafadhali nipigie, nitapokea. Kundi nitalisoma kila siku saa kumi na mbili unusu asubuhi kabla sijatoka nyumbani." Hujamnyima mkuu chochote. Umempa njia ya haraka kuliko ile aliyokuwa nayo, kwa maana ujumbe uliofukiwa chini ya vichekesho 40 haukuwa na uhakika wa kusomwa. Baada ya hapo timiza ahadi: simu ipokelewe, na asubuhi kundi lisomwe.

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu, msimtafute mtu. Zahanati ina wafanyakazi 14. Jumanne saa tatu na dakika arobaini usiku, afisa wa kliniki anaandika: "Kuna watu wanaojua kupangiwa zamu za mchana kila wiki. Mungu anawaona." Hakutaja jina, lakini wote wanajua anamsema muuguzi fulani. Muuguzi huyo anajibu. Mhudumu wa maabara anaweka emoji ya kicheko. Kufika saa tano kuna ujumbe 63, na mmoja umeandikwa hivi: "Si hata @Rehema alikuwepo? Aseme ukweli."

Rehema amelala. Saa kumi na mbili unusu asubuhi anafungua kundi. Hasomi ujumbe wote 63. Anatafuta kwanza ujumbe wa mkuu, kisha palipo na jina lake. Halafu anaandika mara moja: "Habari za asubuhi wenzangu. Nimeona jana usiku niliulizwa jambo la zamu. Hilo nitalizungumza tukiwa pamoja na mkuu leo kazini. Mimi leo niko chumba cha chanjo mpaka saa saba." Anafunga simu.

Tazameni alichofanya. Hakujifanya kwamba hakuona, maana ametajwa na kukaa kimya kabisa kungesomwa kama dharau. Hakusema nani mkweli. Ameonyesha mahali jambo litakapozungumzwa, kisha amerudi kwenye kazi. Akisukumwa tena ndani ya kundi, hana haja ya kuongeza neno.

Baadaye muuguzi aliyesemwa anamvuta kando: "Mbona hukunitetea jana?" Rehema anajibu: "Dada, maneno ya zamu siwezi kuyajibu kwa simu. Saa nne tukinywa chai niambie yote." Na saa nne anaenda kweli, anasikiliza. Afisa wa kliniki naye anamsalimu kama siku zote. Kundini Rehema ameandika mistari minne tu, lakini hakuna aliyeweza kusema amewatupa wenzake.

Na msisahau kwamba chini ya ugomvi ule kulikuwa na swali la haki. Je, zamu za usiku zinagawanywa sawa? Ujumbe 63 haukulijibu, ila ratiba inaweza. Katika kikao cha wafanyakazi, chukueni ratiba za miezi mitatu, mhesabu kila mmoja amefanya zamu ngapi za usiku na ngapi za mwisho wa juma. Hesabu ikionyesha mtu mmoja ameonewa, mkuu arekebishe ratiba ijayo. Ikionyesha mambo ni sawa, kijembe kimekwisha nguvu. Magomvi mengi ya usiku ni malalamiko ya mchana yaliyokosa kikao.

Kwa wasimamizi wa makundi nina ombi moja: tenganisheni mizigo. Fungueni kundi la matangazo, na katika Group permissions mzime Send new messages ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Humo wekeni ratiba, mikutano na misiba. Lile la zamani libaki la gumzo, na kila mtu awe huru kuingia au kutoingia. Mkitaka jaribio hili lisife, msiwahi kuweka agizo la kazi katika gumzo, hata mara moja. Mkifanya hivyo watu watarudi kuchungulia usiku kwa hofu ya kukosa kitu.

Ukimya una mpaka wake pia. Jina la mgonjwa, picha yake au majibu yake ya maabara yakiwekwa kundini, hiyo si porojo tena. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozilinda zaidi. Mwombe aliyetuma aifute upesi, maana muda wa kufuta kwa wote una kikomo cha siku mbili hivi, kisha mjulishe mkuu. Vivyo hivyo kwa vitisho, matusi ya kikabila au maneno machafu kwa mfanyakazi mwenzako. Hapo hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na saa, usiisambaze kwa marafiki, na asubuhi uipeleke kwa mkuu wako. Ikiwa mkuu ndiye anayetukana, ipeleke kwa afisa wa rasilimali watu. Usijibu kundini.

Suala la kupumzika baada ya kazi limefika mbali kuliko zahanati zetu. Mwaka 2022 mswada uliwasilishwa katika Seneti yetu ukitaka mfanyakazi awe na haki ya kutojibu mwajiri nje ya saa za kazi. Lakini yale niliyowaeleza leo hayahitaji kungoja sheria. Yanahitaji mazungumzo ya dakika tano na mkuu wako, na unaweza kuyafanya leo kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nakaribisha maswali, na tafadhali msiyatume kundini.