Mnyoo wa jicho, na dawa isiyopaswa kumezwa kwa pupa

(Maelezo yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na Afisa Habari wa Halmashauri)



Niseme tangu mwanzo kwamba maradhi ninayoyazungumzia hayaambukizwi hapa Moshi wala kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Loiasisi, yaani ugonjwa wa mnyoo wa jicho, ni maradhi ya misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi: Kameruni, Gaboni, na kwa upande wetu misitu ya kaskazini-mashariki mwa Kongo, kule Ituri na Uele. Lakini dereva wa lori au mchimba dhahabu aliyeishi huko akirudi Himo au Kibosho, atarudi na alichonacho mwilini, na mtu wa kwanza kumwonesha jicho lake huenda akawa mmoja wenu.

Anayeeneza ugonjwa ni krisopsi, nzi mkubwa wa jamii ya pange, ambaye jike lake huuma mchana. Hukaa juu kwenye matawi ya msitu na huvutwa na moshi wa kuni, hivyo anayepika kambini huumwa zaidi. Nzi akifyonza damu yenye vijinyoo, hukomaa ndani yake kwa siku kumi hadi kumi na mbili, kisha hupitishwa kwa mtu mwingine.

Mnyoo mzima huishi chini ya ngozi, wakati mwingine zaidi ya miaka kumi na tano. Jike lina urefu wa sentimita 4 hadi 7, nyembamba kama uzi. Hutembea tembea, na anapopita mkononi huweza kuacha uvimbe unaowasha, ambao hutoweka wenyewe baada ya siku chache. Siku nyingine hupita juu ya weupe wa jicho, akaonekana akijinyonganyonga kwa dakika kadhaa, kisha akaenda zake. Inatisha kuona, ila kwa kawaida hapofushi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mnyoo aliyeonekana jichoni hatuambii kuna vijinyoo vingapi kwenye damu. Wapo waliopitiwa na mnyoo jichoni ambao damu yao haina hata kimoja. Na wapo wasiolalamikia chochote ilhali kila mililita ya damu yao ina vijinyoo 30,000. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Zidisheni: ni vijinyoo milioni 150 vinavyozunguka mwilini mwa mtu anayejiona mzima.

Mtu huyo akimeza ivermektini, vijinyoo hivyo hupooza kwa wingi na kwa ghafla. Wataalamu wanaeleza kwamba husombwa na damu hadi kwenye mishipa myembamba ya ubongo na kuiziba. Siku ya kwanza hadi ya nne huweza kushindwa kusimama, kuchanganyikiwa, kujikojolea, na hatimaye kupoteza fahamu. Baadhi hufa. Dietilkabamazini nayo ina hatari hiyo hiyo.

Sisi tumeizoea ivermektini. Ndiyo Mektizani inayogawiwa kwa usubi huko Mahenge na kwa matende mikoa ya pwani, na ni salama kwa sababu huko mnyoo huyu hayupo. Mazoea hayo, pamoja na ile ya mifugo inayouzwa madukani, ndiyo yanayonitia hofu.

Katika wilaya ya afya ya Okola, Kameruni, ugawaji wa dawa hii dhidi ya usubi ulisimamishwa mwaka 1999 baada ya vifo. Waliobaki na usubi wakakosa tiba kwa miaka. Mwaka 2015 wataalamu walirudi na hadubini ndogo iliyofungwa kwenye simu: tone la damu ya kidole, simu ikapiga picha za video, ikahesabu vijinyoo kwa namna vinavyosukuma chembe za damu, na jibu likapatikana kwa dakika chache. Aliyezidi 20,000 kwa mililita hakupewa dawa. Kati ya watu 16,259 waliopimwa, 340 tu walizuiwa kwa sababu hiyo, yaani wawili katika kila mia. Zaidi ya 15,000 walimeza dawa, na hakuna aliyepata madhara makubwa ya ubongo.

Kwa hiyo, mgonjwa akikwambia ameona mnyoo jichoni, muulize amewahi kuishi wapi, kabla ya kutaja dawa yoyote. Mzuie kununua ivermektini, mwandikie rufaa ya KCMC, na utaje kwenye karatasi nchi na msitu aliokuwamo. Mwenye vijinyoo vingi huweza kupewa kwanza albendazoli mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, chini ya daktari, ili idadi ishuke polepole.

Jambo la mwisho ni la maabara. Kwa matende tumezoea kuchukua damu usiku. Vijinyoo vya Loa loa hufanya kinyume: hujaa kwenye damu mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane. Damu ya usiku inaweza kuonekana safi, na mgonjwa akaruhusiwa kumeza dawa ile ile tuliyotaka kumkinga nayo. Andikeni saa ya kuchukua damu juu ya kila sampuli.