KUPANGA SHAURI ZETU KWA WATAHINIWA
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Wenzangu walinikabidhi karatasi yenye shauri kumi kwa watahiniwa, zilizoandikwa kila moja kadiri ilivyomjia mtu, nikaambiwa nizipange ili zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kazi ya ofisini imenizoesha mambo haya, kwa hiyo nitaeleza nilivyofanya.

Kwanza nilikata vipande vya karatasi, kila shauri na kipande chake. Shauri la tatu lilisema, "Fika nusu saa kabla, na usizungumzie karatasi iliyopita." Hayo ni mambo mawili, nikayatenga, zikawa kumi na moja. "Lala mapema" na "Usikeshe" ni jambo moja, nikaacha la kwanza; zikarudi kumi.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwani hukusanya kwa kufuata neno. "Fika nusu saa kabla" na "Gawa muda kwa kufuata alama za swali" yote yahusu muda, lakini moja hufanyika barabarani na jingine mezani. Mtahiniwa hutaka kujua afanye nini saa hii. Basi nikachagua msingi mmoja tu, yaani wakati wa kutenda, na vichwa nikaviandika mwisho, baada ya kuona vipande vimelalaje.

Kipande cha kutozungumzia karatasi iliyopita kilibaki peke yake chini ya "Baada ya mtihani". Kichwa chenye mtoto mmoja hakifai, na "Mengineyo" ni kapu la uvivu. Nikakumbuka kwamba baada ya karatasi moja ni kabla ya nyingine, nikakihamisha.

Faida kubwa ilikuja bila kutazamiwa. "Lala mapema" lilikuwa la pili, na "Pitia daftari hadi saa sita usiku" la saba. Mbalimbali hivyo hakuna aliyeona kwamba zinapingana. Zilipokaa jirani zikagombana. Mpangaji hana haki ya kuamua ugomvi huo kimyakimya, hivyo niliwarudia wenye shauri zao, wakapatana saa tatu. Tukabaki na tisa:

• Kabla ya kuingia chumbani
   – Usizungumzie karatasi iliyopita.
   – Andaa kalamu mbili usiku.
   – Funga daftari saa tatu, ulale.
   – Fika nusu saa kabla.
• Karatasi ikiwa mezani
   – Soma maelekezo yote.
   – Andika namba yako ya mtihani kila ukurasa.
   – Gawa muda kwa kufuata alama.
   – Anza na swali unaloliweza.
   – Pitia majibu kabla ya kukabidhi.

Ndani ya kila kichwa nimefuata mpango wa kutenda. Kuna ndugu aliyetaka ngazi ya tatu, "Vifaa", kwa ajili ya kalamu. Nilimkatalia, kalamu mbili hazihitaji idara yake.