Mteja Akifurahi, Muulize Hivi

Msikilizaji, tuseme wewe ni fundi cherehani pale Mbagala Rangi Tatu, na mteja amechukua sare za harusi akiwa amefurahi. Ukimwambia tu "niandikie maoni", atajibu: "Kazi nzuri, Mungu akubariki." Dua njema, ila haimwambii mteja mgeni chochote. Subiri harusi ipite, kisha mtumie ujumbe wa WhatsApp: "Dada, kabla ya kuja kwangu ulihofia nini? Nguo ulizipata lini? Siku yenyewe zilikukaaje?" Akiona uvivu kuandika, arekodi sauti, wewe uandike, umrudishie asome. Hapo utapata: "Niliogopa atachelewesha. Harusi Jumamosi, nguo alinipa Alhamisi." Usiyapambe maneno yake. Kabla ya kutumia jina na picha yake, omba ruhusa kwanza; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda.